Alama Moja Kati ya Jedwali na Orodha

Katibu wa kamati ya harusi ana kazi mbili zisizopatana. Hesabu anaiweka kwenye jedwali la Word lenye safu tatu: jina, ahadi, na kiasi kilicholipwa. Lakini wachangiaji hawaoni jedwali hilo. Wao wako kwenye kundi la WhatsApp, na kule jedwali halipiti. Ukilinakili kama lilivyo, mistari yake inapotea na tarakimu zinabaki zimetawanyika. Kinachopita ni orodha ya vitone, mtu mmoja mstari mmoja. Halafu watu wanainakili orodha, wanajiongeza mwishoni, wanairudisha, na katibu anatakiwa aifanye jedwali tena.

Nilifanya kazi hiyo kwa miezi mitatu. Wiki za mwanzo niliandika upya majina yote 40 kila Jumapili usiku, kwa mkono, na kila Jumatatu kulikuwa na mtu wa kunisahihisha. Word ina njia ya kulivunja jedwali na kulijenga upya kwa mibofyo michache. Njia yenyewe ni rahisi. Kazi iko katika kuchagua alama moja tu, ile itakayokaa kati ya jina na kiasi mstari wa jedwali ukishaondoka.

Kulivunja kunaanza hivi. Bofya ndani ya jedwali. Juu ya skrini, mwisho kabisa upande wa kulia, utatokea ukurasa wa amri uitwao Layout (matoleo mapya huuandika Table Layout). Humo, kwenye kundi la Data, kuna kitufe cha Convert to Text. Kidirisha kidogo kitafunguka kikuulize utenganishe maneno kwa kitu gani: Paragraph marks, Tabs, Commas au Other. Kila mstari wa jedwali utakuwa aya moja, na palipokuwa na mpaka wa safu patakaa alama uliyoichagua. Ukichagua Paragraph marks, hata jina na kiasi chake vitaachana, kila kimoja kwenye aya yake, na orodha ya watu 40 itakuwa na mistari 120. Hiyo si orodha tunayoitaka.

Mimi nilianza kwa kuchagua mkato, kwa kuwa ndio alama tuliyozoea kutenganishia vitu. Nikapata hii:

```
Mama Zuhura,100,000,60,000
```

Kwa macho ya mtu inasomeka. Tunajua laki moja ni laki moja. Ila Word haijui shilingi. Nilipoirudisha kwenye jedwali, iliukata mstari kila ilipokuta mkato, ikatoa vipande vitano badala ya vitatu: jina, kisha 100, kisha 000, kisha 60, kisha 000. Laki ya Mama Zuhura ikawa mia na sufuri tatu katika safu mbili tofauti.

Jaribio la pili lilikuwa kistari, nacho kilifanya kazi vizuri kwa wachangiaji wote isipokuwa Mzee Al-Amin, aliyekatwa katikati ya jina. Ukoo wenye kistari si jambo la ajabu pwani, kwa hiyo alama hiyo nayo haifai. Isitoshe, mtu anayeandika kwenye Word akiweka kistari chenye nafasi pande zote mbili, mara nyingi programu hukigeuza yenyewe kuwa kistari kirefu. Kwa kompyuta hizo ni alama mbili tofauti, na mpokeaji hana habari kuwa orodha ina vistari vya aina mbili.

Kanuni niliyobaki nayo ni kwamba kitenganishi kiwe alama isiyopatikana popote ndani ya taarifa zenyewe. Kwa michango, nukta mkato inatosha: haimo kwenye majina wala kwenye fedha, na inasomeka bila kumkera mtu. Kabla ya kuiamini, bonyeza Ctrl+F uitafute ndani ya jedwali. Isipopatikana, rudi kwenye kile kidirisha, chagua Other na uandike nukta mkato kwenye kisanduku chake. Kisanduku hicho kinapokea alama moja tu, kwa hiyo usijaribu kuweka nukta mkato pamoja na nafasi.

Kuna usafi wa kufanya kabla ya kubofya OK. Futa mstari wa vichwa na mstari wa jumla, kwani hivyo si wachangiaji. Kama kuna visanduku vilivyounganishwa, vitenganishe kwanza, la sivyo mstari huo utatoka na alama pungufu. Kisha angalia visanduku vyenye mistari miwili ndani, kwa mfano pale ulipobonyeza Enter ili kuongeza maelezo chini ya jina. Hiyo Enter ni mwisho wa aya, na mchangiaji mmoja atatoka kwenye orodha akiwa vitone viwili.

Jedwali likishavunjika, teua aya zote kisha bofya kwanza alama ya namba kwenye Home, si ya vitone. Namba ya mwisho ndiyo idadi ya aya ulizo nazo. Nilikuwa na watu 40. Ikitokea 41, kuna kisanduku kilichogawanyika na ni lazima nikitafute kabla ya kuendelea. Idadi ikiwa sawa, bofya alama ya vitone na namba zitageuka kuwa vitone. Mwisho, bonyeza Ctrl+H, tafuta nukta mkato na uweke badala yake nukta mkato ikifuatiwa na nafasi moja, ili orodha isisomeke imebanana. Sasa iko tayari kupelekwa kundini:

```
• Mama Zuhura; 100,000; 60,000
```

Juu ya ujumbe andika kwamba namba ya kwanza ni ahadi na ya pili ni kiasi kilicholipwa. Waombe pia wanaojiongeza wafuate mpangilio huohuo. Wengine watafuata.

Safari ya kurudi ndiyo yenye mitego. Kitone ulichokiweka kwa kitufe cha Word si herufi, ni pambo la aya, na huwezi hata kuweka mshale mbele yake ukakifuta kama unavyofuta herufi. Kikishapita kwenye ujumbe wa simu kinakuwa herufi kamili, imekaa mwanzoni mwa mstari. Ukiibandika orodha hiyo na kuifanya jedwali bila kuisafisha, kila jina litaingia na kitone chake.

Kwa hiyo, baada ya kubandika, bonyeza Ctrl+Shift+8 ili alama zilizofichika zionekane. Nafasi zitakuwa vinukta, Tab itakuwa mshale unaoelekea kulia, na mwisho wa aya utakuwa ¶. Ukiona mwisho wa mistari una mshale uliopinda badala ya ¶, orodha yako yote ni aya moja iliyokatwa tu isionekane ndefu. Dalili yake nyingine ni kwamba ukibofya kitufe cha vitone, kinatokea kitone kimoja kwa watu wote 40. Dawa yake ni Ctrl+H, ukiandika haya kwenye Find what na Replace with:

```
^l
^p
```

Ya kwanza ni herufi l ndogo, si namba moja. Baada ya hapo ondoa vitone. Nakili kitone kimoja pamoja na nafasi au mshale wa Tab unaokifuata, kibandike kwenye Find what, acha Replace with ikiwa tupu, na ubofye Replace All. Usifunge haraka ujumbe unaotokea, kwa sababu unataja idadi ya mabadiliko. Mara moja niliporudishiwa orodha ya watu 44 uliniambia 40, nikajua kuwa wale wanne wapya walianza mistari yao kwa njia nyingine. Walikuwa wameandika 41, 42, 43 na 44. Nilizifuta namba hizo kwa mkono. Halafu nikabadili nukta mkato yenye nafasi kuwa nukta mkato pekee, ili nafasi hizo zisije zikaingia ndani ya visanduku pamoja na fedha.

Sasa teua mistari ya wachangiaji tu, bila salamu za juu wala shukrani za chini. Nenda Insert, kisha Table, kisha Convert Text to Table. Chini ya kidirisha, kwenye Separate text at, chagua Other na uandike nukta mkato. Usibofye OK bado. Soma namba mbili zilizo juu: Number of columns ni idadi ya safu, na Number of rows, ambayo huwezi kuibadilisha, ni idadi ya mistari. Nilitarajia 3 na 44. Kidirisha kilionyesha 4 na 45.

Wengi hapa huifuta 4 na kuandika 3 kwa nguvu. Usifanye hivyo. Namba hizo ni taarifa ya ukaguzi: safu ya nne ina maana kuna mstari wenye nukta mkato ya ziada, na mstari wa 45 ina maana kuna mtu aliyekatika vipande viwili. Mimi hukubali namba mbaya makusudi na kubofya OK ili nione kasoro iko wapi. Safu ya nne ilikuwa tupu kuanzia juu hadi chini, isipokuwa kisanduku kimoja chenye neno "asanteni". Mchangiaji huyo alishukuru baada ya kutaja fedha zake, akaweka nukta mkato kabla ya shukrani. Na karibu na mwisho palikuwa na mstari ambao mahali pa jina palikaa 100,000. Shangazi mmoja alikuwa amebonyeza Enter kabla ya kutaja alicholipa, kiasi chake kikashuka na kuanza mstari mpya.

Ctrl+Z inarudisha maandishi yalivyokuwa. Nilifuta "asanteni" pamoja na nukta mkato yake, nikaupandisha mstari wa shangazi, nikateua tena na kufungua kidirisha kilekile. Safari hii kikasema 3 na 44.

Kuna kosa moja ambalo hesabu hiyo hailioni. Mtu akiandika jina na ahadi bila kuweka alama kati yao, mstari wake unabaki na vipande viwili, na namba za kidirisha hazibadiliki. Jina litakuwa limebeba ahadi, kilicholipwa kitakaa kwenye safu ya ahadi, na kisanduku cha mwisho kitakuwa kitupu. Kwa hiyo pitisha macho kwenye safu ya tatu ukitafuta visanduku vitupu. Aliyeahidi bila kulipa anaweza kuwa mmoja wao kihalali, ila kila kitupu kisomwe na mstari wake mzima.

Baada ya hapo bofya mstari wa kwanza, chagua Insert Above kwenye Layout, uandike upya vichwa vya safu. Jedwali likivuka ukurasa mmoja, acha mshale kwenye mstari huo wa vichwa na ubofye Repeat Header Rows, ili mweka hazina anayesoma ukurasa wa pili aone ipi ni ahadi na ipi ni fedha iliyokwisha kufika.