Kichwa cha Barua Pepe ya Ofisini: Maneno Machache Yanayoamua Isomwe Lini

Kichwa cha barua pepe humsaidia mpokeaji kuamua, kabla hajaifungua, kama aishughulikie sasa, aiweke kwa baadaye, au aisome tu kwa taarifa. Wengi hukiandika kama walivyozoea kwenye barua za karatasi: "YAH:" kisha jina la jambo. Kwenye karatasi hilo linatosha, kwa kuwa maelezo yote yako mbele ya macho. Kwenye kikasha kilichojaa, huonekana hasa jina la mtumaji na kichwa, na skrini ya simu hukikata kichwa kirefu, mara nyingi baada ya herufi 30 hadi 40 hivi. Kwa hiyo neno lenye uzito hutangulia.

Tuseme mhasibu anahitaji meneja aidhinishe bajeti ya mafunzo. Akiandika "YAH: BAJETI YA MAFUNZO", meneja hajui anatakiwa kufanya nini wala lini, na barua inaweza kulala siku tatu. Kichwa kinachofaa ni hiki: "Idhini kufikia Alh 12 Juni: bajeti ya mafunzo Dodoma". Kinachotakiwa kimetangulia, tarehe imefuata, jambo lenyewe limekuja mwisho. Hata simu ikikikata katikati, meneja amekwisha kuona kwamba anasubiriwa, na mpaka lini. Tarehe huandikwa kamili kwa sababu "leo" au "kesho" hupotosha pale barua inaposomwa siku ya pili.

Bajeti hiyohiyo ikitumwa kwa wakuu wa idara ili wajue tu, kichwa hubadilika: "Taarifa: bajeti ya mafunzo Dodoma imepitishwa". Neno "Taarifa" linawaambia kwamba hawadaiwi jibu. Barua moja yenye maombi mawili kwa watu tofauti ni bora igawanywe, kila moja na kichwa chake.

Neno "HARAKA" huharibika kwa kutumiwa ovyo. Likiwa kwenye kila barua, wapokeaji huacha kuliamini, hata siku lina ukweli. Jambo lisiloweza kusubiri saa moja hupigiwa simu.

Kosa jingine ni kufufua barua ya zamani. Mtu hutafuta mazungumzo yenye kichwa "Re: Kikao cha Januari", akabonyeza kujibu, kisha akaomba magari ya safari ya Juni. Ombi hilo huzama chini ya mada isiyolihusu. Jambo jipya huanzishiwa barua mpya.

Siri, kama vile jina la mtumishi mwenye shauri la nidhamu, haziwekwi kwenye kichwa, kwani kinaweza kujitokeza kwenye skrini ya simu iliyofungwa mbele ya watu wengine.

Kabla ya kutuma, soma maneno manne ya mwanzo peke yake. Kama hayaonyeshi mpokeaji afanye nini, kipange upya.