Matokeo Yanapotoka Baada ya Kuomba Kazi

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anayeomba kazi kabla ya matokeo kutoka huandika kwenye wasifu wake jambo ambalo bado ni matarajio: atahitimu Novemba, kwa daraja fulani. Matokeo yakitoka, matarajio hayo huthibitika au hubadilika. Kwa vyovyote vile, mwajiri anapaswa kuarifiwa kwa maandishi, kabla hajaitisha vyeti.

Jambo la kwanza ni kujua matokeo yamefikia hatua gani. Katika vyuo vikuu vya Tanzania, mwanafunzi kwa kawaida huona kwanza matokeo ya awali, ambayo huwa rasmi yakishaidhinishwa na Seneti. Mahafali na cheti hufuata baadaye. Kwa hiyo anayeandika "nimehitimu" akiwa na matokeo ya awali tu anatangulia mbele ya chuo chake. Aandike "matokeo ya awali yametoka", kisha ataje tarehe ya mahafali na lini anaweza kuanza kazi, kwa kuwa tarehe hizo mbili si lazima zilingane.

Tuseme mwombaji aliomba kazi ya uhasibu katika kampuni binafsi mwezi Julai. Agosti matokeo yanatoka, na ana sapu ya somo moja. Barua pepe yake inatosha kuwa fupi, ikitumwa kama jibu la ile aliyoombea kazi ili isipotee:

"Rejea maombi yangu ya tarehe 10 Julai ya nafasi ya Mhasibu Msaidizi. Matokeo ya awali yametoka. Nimefaulu masomo yote isipokuwa Ukaguzi wa Hesabu, ambalo nitalirudia kwa mtihani wa Septemba. Nikifaulu, nitahitimu Novemba kama nilivyoeleza. Nitawaarifu matokeo hayo yakitoka. Nimeambatanisha nakala ya matokeo."

Hapa hakuna visingizio wala maelezo marefu. Kuna kilichobadilika, kisichobadilika na taarifa inayofuata. Akishindwa sapu na mahafali yakasogea hadi mwaka unaofuata, aandike tena na kutaja tarehe mpya. Kunyamaza hakumsaidii, kwani ukweli hujitokeza mwajiri anapohakiki vyeti, na hapo sapu iliyofichwa huonekana kama udanganyifu. Matokeo yakiwa mazuri kuliko yaliyotarajiwa, barua ni ileile: daraja jipya, nakala, basi.

Njia hii ina mpaka wake. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma husema waziwazi kwamba matokeo ya muda na taarifa za matokeo hazitakubaliwa. Kinachotakiwa ni cheti chenyewe. Kwa nafasi hizo barua ya kuarifu haizibi pengo, na mhitimu husubiri cheti kwanza, ndipo aombe.