Kabla ya kumpima farasi, ipime picha

Kijana mmoja anayepandisha watoto farasi wikendi mjini Machakos alinitumia picha kwenye simu. "Daktari, huyu amestaafu mbio za Ngong. Bega lake zuri ajabu, ila kwato zinanitia shaka. Nimchukue?" Farasi alikuwa wa hudhurungi, amepigwa picha ubavuni kwenye nyasi fupi, na nyuma yake ukuta wa nyumba.

Macho yangu yalianzia ukutani. Fremu ya mlango ilisimama wima, kwa hiyo simu haikuinama. Lakini mstari wa chini ya kwato ulipanda kuelekea kichwani kwa nyuzi 5 hivi, tena mpiga picha alikuwa amesimama karibu, usawa wa bega. Farasi huyu alikuwa ametazama juu ya mteremko, na mteremko hubadilisha kila pembe unayoisoma.

Bega hupimwa kwa mstari unaotoka kilele cha mgongo, pale mbele ya tandiko, ukifuata mfupa wa bega hadi ncha yake iliyochomoza kifuani. Pembe yake na mlalo ikiwa kati ya nyuzi 45 na 55, mguu wa mbele hupata nafasi ya kunyooka na hatua huwa ndefu. Likisimama zaidi ya hapo, hatua hufupika na mpandaji hutikiswa. Nilisoma 46, bega la kuvutia mnunuzi yeyote. Ila mwili ukiinuliwa mbele, mstari huo hulala zaidi kuliko ulivyo kweli. Nilimwambia asiliamini bado.

Kwato zilionekana kinyume chake. Kati ya kifundo cha mguu na kwato kuna kipande kifupi, ambacho hapa nitakiita shingo ya kwato. Kwa mguu wa mbele, nyuzi 45 hadi 50 kutoka ardhini ni mteremko mzuri. Kilichosimama sana hupeleka mshindo wote kwenye viungo, na kilicholala sana huchosha kano za nyuma ya mguu. Lakini kuliko namba yenyewe, tazama kama uso wa mbele wa kwato unaendelea na mstari wa kipande hicho bila kuvunjika. Katika picha hii kipande kilikuwa nyuzi 52 na kwato 43. Mstari ulivunjika kwa nyuzi 9, kama wa farasi mwenye ncha ndefu na kisigino kilichobonyea.

Nikamwomba amwambie mwenye farasi apige tena: sakafu ya zege iliyo sawa, kwato zote zionekane, muundi wa mbele uwe wima, na simu ishikwe usawa wa katikati ya kifua, hatua sita au saba kutoka ubavuni, ikuze picha badala ya kusogea.

Picha ya pili ilikuja kesho yake. Bega: 51. Zuri, wala si la ajabu. Shingo ya kwato ilibaki karibu 52, nayo kwato ikapanda hadi 48. Zile nyuzi 9 zikawa 4. Zilizobaki ni za farasi mwenyewe. Hizo ni za kufanyiwa kazi: ncha ipunguzwe kidogo kidogo kila baada ya wiki tano au sita, kisigino kiachwe kikue. Kwato hukua takriban sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo ni kazi ya miezi. Bega halichongwi.

Kwa sehemu ya nyuma niliweka rula kwenye skrini. Kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako zilikuwa sentimita 12. Kutoka mfupa wa nyonga hadi ncha hiyo ya tako zilikuwa 3.8, karibu theluthi, na theluthi ndiyo inayotakiwa kwa nyuma inayosukuma. Kwenye picha ya kwanza ilikuwa 3.2 tu, kwa sababu simu iliyokuwa karibu na bega ilikuwa imekuza sehemu ya mbele. Kisha nikashusha timazi ya kuwazia kutoka ncha ya tako. Iligusa goti la nyuma na kufuata muundi hadi chini. Kwenye nyasi mguu huo ulikuwa umevutwa chini ya tumbo, na ungeweza kudhani goti lake limepinda kama mundu.

Ubavuni huoni kama kwato zinageukia ndani au nje, wala huoni kuchechemea. "Mwombe video," nikamwambia, "akitembezwa moja kwa moja kukujia, kisha akikuacha. Halafu mtafute fundi wa kwato atazame visigino, kabla hujazungumza bei."