Debe au mizani: mahindi ya Segese yanakupa kilo ngapi?

Sokoni Segese mahindi yananunuliwa kwa njia mbili: debe au kilo. Tuseme debe ni shilingi 12,000 na kilo ni shilingi 800. Hesabu inasema debe linapaswa kutoa kilo 15. Linazitoa?

Anza na chombo chenyewe. Pima debe tupu, kisha lijaze maji mpaka ukingoni ulipime tena. Kilo moja ya maji ni lita moja, kwa hiyo likiwa tupu kilo 1 na likijaa kilo 21, hilo ni la lita 20 kamili. Debe lililobonyezwa kitako hujulikana hapo hapo, hata kama kwa macho ni zima.

Sasa mimina mahindi makavu polepole, sawazisha juu kwa kijiti kilichonyooka, pima. Tuseme mizani inasoma kilo 15.4. Toa debe, unabaki na 14.4, yaani gramu 720 kwa lita. Halafu ligongegonge debe chini mara ishirini hivi, mahindi yashuke, ongeza, sawazisha. Ikifika kilo 15.6 za mahindi usishangae. Punje hazijabadilika. Zikimwagwa hukaa ovyo, zikiegemeana na kuacha matundu, na karibu asilimia 40 ya debe huwa hewa. Kutikisa kunazifanya ziteleze na kuziba sehemu ya matundu hayo.

Basi bei ya debe moja ni mbili. La kumimina ni kama shilingi 833 kwa kilo, la kutikiswa ni 769. Kwenye madebe kumi, tofauti ni kilo 12. Ndiyo maana muuzaji humimina kwa mkono mwepesi na haligusi tena debe, ilhali mchuuzi anayenunua kwa mkulima huligonga kwa goti na bado anataka lundo juu. Lundo hilo pekee linaweza kukaribia kilo moja.

Ukiwa mnunuzi, na muuzaji akikataa debe litikiswe, nenda kwenye mizani yenye alama ya uhakiki ya Wakala wa Vipimo. Akikubali, debe ni nafuu.

Isipokuwa msimu wa mavuno. Mizani haitofautishi punje na maji: kilo 100 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 18, zikikaushwa hadi 13.5, hubaki kama 95. Hapo shilingi 800 imeshakuwa karibu 845. Mahindi mabichi kwenye debe nayo huvimba, hivyo debe lililojaa leo litapungua baada ya kuanikwa. Tafuna punje kabla ya kuchagua kipimo: isipokatika kwa mlio mkavu, dai bei ishuke, iwe ya debe au ya kilo.