Notisi yako ni siku ngapi, na unaweza kuanza lini?

Ujumbe wenyewe huja mfupi. "Habari, tumepitia maombi yako ya nafasi ya mhasibu. Tafadhali tujulishe notisi yako ni ya muda gani, tarehe ya mapema unayoweza kuanza kazi, na saa ambazo tunaweza kukupigia." Mara nyingi anayeupokea yuko kazini, simu ameiinamisha chini ya meza, na jibu la kwanza linalomjia kidoleni ni hili: "Niko tayari wakati wowote."

Jibu hilo linaonekana la kiungwana, lakini halimsaidii aliyeuliza. Afisa ajira ana jedwali lenye majina ya waombaji kadhaa, na mbele ya kila jina kuna nafasi ya kuandika siku za notisi na tarehe ya kuanza. "Wakati wowote" haiandikiki hapo. Zaidi ya hayo, wasifu wa mwombaji unasema bado ameajiriwa mahali pengine. Afisa mwenye uzoefu atajiuliza huyu anaondokaje huko ghafla, na kama ndivyo atakavyoondoka na kwao siku moja.

Afisa naye ana hesabu zake. Mhasibu anayeondoka katika ofisi yake anatumikia notisi vilevile, na meneja wa fedha angependa yeye na mgeni wakutane japo kwa wiki moja, wakabidhiane vitabu na funguo za sefu. Kwa hiyo tarehe ya mbali kidogo lakini ya kweli humfaa kuliko ya karibu ambayo itasogezwa mara mbili.

Kinachotakiwa kwanza ni kuufungua mkataba, si kukumbuka. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kiwango cha chini cha notisi katika kifungu cha 41. Ndani ya mwezi wa kwanza wa ajira ni siku 7. Baada ya hapo, anayelipwa kwa siku au kwa wiki anatakiwa kutoa siku 4, na anayelipwa kwa mwezi siku 28. Mkataba unaweza kuweka muda mrefu zaidi, na nafasi za umeneja mara nyingi huwa na miezi miwili au mitatu, ila muda huo lazima ulingane kwa pande zote mbili: mwajiri hawezi kumdai mfanyakazi miezi mitatu huku yeye akijiwekea mmoja. Kenya nako, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka anayelipwa kwa mwezi kutoa siku 28, na aliye katika kipindi cha majaribio siku 7.

Watu wengi hukosea hapo hapo mwanzoni, kwa kuwa siku 28 na "mwezi mmoja" si kitu kimoja. Baadhi ya mikataba huandika mwezi mmoja wa kalenda, na mingine huongeza kwamba mwezi huo utahesabiwa kuanzia tarehe mosi ya mwezi unaofuata. Mwenye mkataba wa aina hii akitoa barua yake tarehe 22 Juni, notisi yake haimaliziki hadi tarehe 31 Julai. Mwenzake wa siku 28 atakuwa ameshaondoka siku 11 kabla yake. Sentensi moja iliyojificha katika ukurasa wa nne wa mkataba inatosha kuivuruga tarehe yote.

Tuchukue mfano wa mhasibu wa Dar es Salaam, anayelipwa kwa mwezi, mwenye notisi ya siku 28, aliyepata ujumbe ule Jumatano tarehe 3 Juni 2026. Kishawishi ni kuhesabu kuanzia siku hiyo na kujibu kwamba ataanza tarehe mosi Julai. Lakini notisi haianzi siku ya kuulizwa. Inaanza anapowasilisha barua ya kuacha kazi, na mtu makini haandiki barua hiyo kabla ya kusaini barua ya ajira mpya. Katikati pana simu ya kwanza, usaili, uhakiki wa wadhamini na mazungumzo ya mshahara.

Tuseme mambo yaende vizuri na asaini Ijumaa tarehe 19 Juni. Jumatatu tarehe 22 anakabidhi barua kwa mwajiri wake na kubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Siku ya kwanza ya notisi ni tarehe 23 Juni, ya 28 ni Jumatatu tarehe 20 Julai. Kwa hesabu hiyo anaweza kuanza kazi mpya Jumanne tarehe 21 Julai.

Ila huyu ameshaidhinishiwa likizo, kuanzia tarehe 6 hadi 17 Julai, kwenda kuwaona wazazi Tanga. Wengi huiona likizo kama zawadi, maana unapumzika huku notisi inayoyoma. Sheria ya Tanzania hairuhusu hivyo. Kifungu kile kile cha 41 kinasema notisi haitolewi mtu akiwa likizo, wala haitembei sambamba na likizo. Zile siku 12 zinatoka katika hesabu, na siku yake ya mwisho inasogea hadi Jumamosi tarehe 1 Agosti. Akitaka kwenda Tanga na bado aheshimu notisi, tarehe yake ya kweli ni Jumatatu tarehe 3 Agosti. Akiiacha safari, siku za likizo alizokwisha kuzichuma atalipwa katika malipo ya mwisho, na tarehe inarudi 21 Julai. Uamuzi ni wake, lakini aufanye kabla ya kujibu ule ujumbe.

Na je, akitaka kuwahi zaidi? Njia iliyo safi ni kumwomba mwajiri wake wa sasa ampunguzie siku. Mwajiri akikubali, akubali kwa maandishi. Mikataba mingi pia inaruhusu anayeondoka kulipa mshahara wa kipindi ambacho hakukitumikia, ndiyo ile ambayo maofisini huitwa notisi ya saa 24. Anayekataa tu kufika kazini wakati wa notisi anaweza kukatwa fedha za siku hizo katika haki zake za mwisho. Sheria inampa mwajiri nafasi hiyo. Kuna kampuni zinazomhitaji mtu kwa haraka kiasi cha kukubali kumlipia gharama hii, lakini hilo huzungumzwa baada ya usaili. Kulitaja katika jibu la kwanza ni kujipunguzia nguvu ya kupatana.

Wapo pia wanaofungwa na kitu kingine kabisa. Aliyepelekwa masomoni na kampuni huenda alisaini kwamba atatumikia miaka kadhaa au arudishe gharama. Mwenye mkopo wa benki unaokatwa moja kwa moja kwenye mshahara anahitaji kujua benki itasema nini makato yakisimama. Haya hayaandikwi kwenye jibu, lakini yakifahamika baada ya kutaja tarehe, tarehe hiyo haitasimama.

Swali la saa za kupigiwa linaonekana dogo, nalo ndilo linaloharibu simu nyingi. "Nipigie muda wowote" maana yake ni kupigiwa ukiwa umekaa mita moja na bosi, au ndani ya daladala ya Mbagala saa 12 jioni, kondakta akigonga bati na spika ikinguruma. Simu ya kwanza ya afisa ajira aghalabu huchukua dakika 10 hadi 20, na ndani yake huulizwa mshahara wa sasa. Hilo si la kujibiwa kwa kunong'ona kwenye ngazi za ofisi.

Afadhali kutaja nafasi mbili fupi ambazo mtu ana hakika nazo. Mhasibu wetu anakula chakula cha mchana saa 7 hadi saa 8, na akitembea kidogo anapata kivuli na utulivu. Jioni anafika nyumbani saa 1. Ijumaa mchana anaiacha kwa sababu ya sala. Siku za kufunga hesabu za mwezi haziguswi. Kwa hiyo anataja Jumatatu hadi Alhamisi, saa 7:15 hadi 7:45 mchana, au baada ya saa 1:15 usiku.

Hapo pana mtego ambao msomaji wa Kiswahili anaujua vizuri. Akiandika "saa 7" kwa afisa aliyezoea saa za Kizungu, simu italia saa 1 asubuhi, au saa 1 usiku. Dawa ni kuandika kwa saa 24, yaani 13:15 hadi 13:45, na kuongeza kwamba ni saa za Afrika Mashariki. Kampala na Nairobi ziko sawa na Dar es Salaam. Dubai na Maskati ziko mbele kwa saa moja, Kigali na Bujumbura nyuma kwa saa moja. Mwajiri akiwa Dubai, mwombaji amfanyie hesabu: 13:15 ya Dar es Salaam ni 14:15 kwao.

Jibu zima basi linaweza kuwa hivi:

"Habari za mchana. Asante kwa ujumbe kuhusu nafasi ya mhasibu. Notisi yangu ni siku 28, kwa mujibu wa mkataba. Nikisaini barua ya ajira kufikia Ijumaa 19 Juni, naweza kuanza Jumanne 21 Julai 2026. Kupigiwa: Jumatatu hadi Alhamisi, 13:15 hadi 13:45 au baada ya 19:15, saa za Afrika Mashariki, kwa namba hii hii. Mwajiri wangu wa sasa hajajua kuhusu maombi haya, hivyo naomba asipigiwe kwa sasa."

Sehemu yenye uzito ni lile neno "nikisaini kufikia". Linaifunga tarehe ya mwombaji kwenye kasi ya kampuni yenyewe. Wakichelewesha barua kwa wiki moja, kuanza nako kunasogea wiki moja, na hakuna atakayemwita kigeugeu. Asiye na kazi hana notisi ya kueleza, lakini naye ataje siku: "Naweza kuanza Jumatatu 15 Juni" inaandikika kwenye jedwali.

Jibu litoke kwenye simu au baruapepe binafsi, kamwe si ya ofisi, ambayo mwajiri ana uwezo wa kuisoma. Litoke siku hiyo hiyo au kesho yake asubuhi. Na likileta swali jipya la kutaka ada ya usaili, fedha ya vipimo vya afya au namba ya siri ya simu ya fedha, huyo si afisa ajira. Hesabu ya notisi haihitaji hata shilingi moja, na wewe unayetafuta kazi usimtumie.