Asiyekuwamo katika jedwali la matokeo

Kila matokeo ya Kidato cha Nne yanapotoka, Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, huweka mtandaoni data ambayo mwanafunzi wa takwimu angeitafuta kwingine kwa vibali na nauli. Ukifungua ukurasa wa shule unakuta watahiniwa wake wote: namba ya mtihani, jinsi, jumla ya pointi, daraja, kisha gredi ya kila somo. Chini kuna muhtasari wa masomo, pamoja na idadi ya waliosajiliwa na waliofanya mtihani. Yote ni bure. Si ajabu mapendekezo mengi ya miradi ya stashahada na shahada huanzia hapo, na mengi hukwama hapo hapo.

Hukwama kwa sababu swali limetungwa kabla jedwali halijasomwa. Mwanafunzi anakuja na mada kama "Athari za uhaba wa walimu katika ufaulu wa Hisabati" au "Kipato cha wazazi na daraja la mtahiniwa". Ni maswali ya maana, ila jedwali lile halina safu ya walimu wala ya kipato. Kasoro ya namna hii msimamizi huiona mara moja na kumrudisha mwanafunzi mezani. Inayonisumbua zaidi ni mada ambayo safu zake zote zipo, hesabu yake inakubali, jibu linapendeza, na bado si jibu la swali lililoulizwa.

Mfano mzuri ni huu: je, Hisabati ni ngumu kuliko Fizikia? Kwa juu juu data inajibu bila kusita. Mwaka 2022 waliofaulu Hisabati kitaifa, yaani waliopata D au zaidi, walikuwa takriban asilimia 20, ilhali kwa Fizikia walizidi nusu. Mwanafunzi huchukua asilimia hizo mbili, huzilinganisha kwa kipimo cha tofauti ya uwiano, na kwa kuwa watahiniwa ni mamia ya maelfu, kompyuta humpa thamani ya p iliyo ndogo kupita kiasi. Anaandika kwamba Hisabati ni ngumu kuliko Fizikia, tena "kwa kiwango cha juu cha uhakika".

Tatizo ni kwamba walio kwenye mizani hiyo si watu wale wale. Kwa watahiniwa hao Hisabati ilikuwa somo la lazima, hivyo karibu kila aliyesajiliwa alilifanya, apende asipende. Fizikia ilikuwa ya kuchagua baada ya Kidato cha Pili. Wengi walioona hesabu haziendi waliachana nayo, na shule nyingi zenyewe huwaelekeza wanafunzi dhaifu kwenye masomo ya sanaa. Kwa hiyo asilimia ya Fizikia inatoka kwa kundi lililokwisha kuchujwa, na ya Hisabati inatoka kwa wote.

Tuchukue shule moja ya kubuni, yenye namba ndogo ili hesabu ionekane. Ina watahiniwa 120. Hisabati wamefaulu 30, yaani asilimia 25. Fizikia wameifanya 40 tu, wakafaulu 26, yaani asilimia 65. Tofauti ni pointi 40 za asilimia. Mwandishi wa habari angepata kichwa cha habari hapo.

Sasa turudi kwenye orodha ya mtahiniwa mmoja mmoja, maana ndiko utajiri wa data hii uliko. Katika safu ya masomo tunatafuta `PHY` na `B/MATH` kwenye mstari mmoja, na tunabaki na wale 40 waliofanya masomo yote mawili. Tunawagawa katika makundi manne. Waliofaulu yote mawili ni 22. Waliofaulu Fizikia tu ni 4, waliofaulu Hisabati tu ni 2, na walioanguka kote ni 12. Ukijumlisha unaona kwamba ndani ya kundi hili Fizikia wamefaulu 26 na Hisabati wamefaulu 24. Ile tofauti ya pointi 40 imebaki 5.

Zilizopotea zilikwenda wapi? Waliobaki 80, ambao hawakuchukua Fizikia, wamefaulu Hisabati 6 tu, asilimia 7.5. Hao ndio walioishusha Hisabati, na hao hao hawakuwahi kupewa nafasi ya kuishusha Fizikia.

Kipimo kinachofaa hapa ni cha McNemar, ambacho kiliundwa kwa ajili ya jozi kama hizi. Wazo lake ni jepesi. Aliyefaulu kote au kuanguka kote hatuambii lolote kuhusu somo lipi ni gumu zaidi, hivyo tunamweka kando. Tunabaki na watu 6 ambao masomo yaliwatenganisha: wanne upande wa Fizikia, wawili upande wa Hisabati. Kama masomo ni sawa kwa ugumu, kila mmoja wao ni kama sarafu iliyorushwa. Katika R ni mstari mmoja:

```
binom.test(4, 6)
```

Jibu ni p = 0.6875. Kupata mgawanyo wa nne kwa mbili au uliopinda zaidi ni jambo la kawaida kabisa kwa sarafu sita. Mwanafunzi aliyeanza na uhakika mkubwa sasa hana ushahidi. Asiandike kuwa masomo yale yako sawa, kwa sababu watu sita ni wachache mno kuthibitisha hilo. Ushahidi wa tofauti haupo, basi.

Ili wapatikane wa kutosha itabidi akusanye shule nyingi, tuseme zote za wilaya moja. Hapo atahadhari na jambo moja. Wanafunzi wa shule moja wana mwalimu mmoja wa Fizikia, maabara moja, labda hata uzembe mmoja, kwa hiyo hawafanani na sarafu zilizorushwa kila moja peke yake. Kama shule moja yenye mwalimu hodari wa Fizikia imeleta jozi 60 kati ya 150, inaweza kuliamua jibu lote peke yake. Njia rahisi ni kukokotoa tofauti ya asilimia kwa kila shule, kisha kuzichukulia tofauti hizo za shule kuwa ndizo data. Idadi ya sampuli itashuka kutoka mamia ya wanafunzi hadi idadi ya shule, jambo ambalo wanafunzi hulichukia.

Wakati wa kunakili orodha, alama ya `ABS` isihesabiwe kuwa F. Huyo hakufanya mtihani, na kumtia kwenye walioanguka ni kubadili swali kimyakimya. Vilevile gredi zisigeuzwe namba 1 hadi 5 kisha zitafutiwe wastani kana kwamba hatua kati ya gredi ni sawa. Katika ngazi inayotumika sasa D ni alama 30 hadi 44, C ni 45 hadi 64, na F inameza kila kitu kuanzia sifuri hadi 29. Mwenye 29 na mwenye 2 wote ni F, na jedwali halitakuambia nani ni nani. Hesabu waliopata D au zaidi, au C au zaidi, utakuwa salama.

Hata baada ya kazi yote hiyo, jibu lina mpaka, na mpaka wenyewe ndio sehemu ninayoisoma kwanza katika ripoti. Tumelinganisha masomo kwa wale waliochagua Fizikia. Wale 80 wangepata nini kama wangeifanya, data haijui na haiwezi kujua. Na neno "ngumu" lenyewe limebanwa: tunachopima ni ugumu wa kufikisha alama 30 katika mtihani wa mwaka ule. Mada iliyosimama vizuri basi ingesomeka hivi: "Tofauti ya ufaulu wa Fizikia na Hisabati miongoni mwa watahiniwa waliofanya masomo yote mawili katika shule za wilaya fulani, mwaka fulani". Haivutii kama ya kwanza, ila kila neno lake lina safu.

Ukizoea kumtafuta asiyekuwamo, mada nyingine huanza kujifichua zenyewe. Chukua ile inayopendwa kuliko zote, kwamba shule binafsi hufundisha vizuri kuliko za serikali. Nyingi kati ya zile zinazoongoza hupokea wanafunzi kwa mtihani wa kujiunga, na baadhi huwaondoa wasiofikia wastani wa shule kabla ya Kidato cha Nne. Upande wa serikali nako kuna shule kama Kibaha, Ilboru na Mzumbe, ambazo hupewa waliofanya vizuri zaidi darasa la saba. Jedwali linaonyesha wanafunzi walivyotoka, halionyeshi walivyoingia. Kutenganisha mchango wa shule na mchango wa uteuzi kwa jedwali hilo peke yake haiwezekani, hata ukiongeza shule elfu.

Kinachowezekana ni kuhesabu uchujaji wenyewe. Matokeo ya upimaji wa Kidato cha Pili nayo hutolewa kwa shule. Ukichukua idadi ya waliofanya upimaji mwaka 2020 katika kituo fulani, ukailinganisha na waliofanya Kidato cha Nne mwaka 2022 katika kituo hicho hicho, unapata kundi lilivyopungua au kuongezeka. Hutajua aliyehama, aliyerudia darasa wala aliyeacha shule, kwa hiyo usiuite utoro. Lakini shule iliyoanza na 140 ikamaliza na 85, huku ikitangaza kwamba haina daraja sifuri, imekupa swali la mradi.

Mada za mwenendo wa miaka mingi ndizo ninazozikatalia mara nyingi zaidi. Mwanafunzi huchora mstari wa ufaulu kuanzia 2010 hadi leo na kueleza kila bonde na kilima kwa sera ya elimu. Lakini matokeo ya 2014 yalitolewa kwa mfumo wa GPA, wenye mipaka tofauti ya gredi, kisha mapema 2016 serikali ikatangaza kurudi kwenye madaraja. Na kuna 2012, mwaka ambao matokeo ya kwanza yaliwapa zaidi ya nusu ya watahiniwa sifuri. Mei 2013 serikali ilitangaza kuyafuta na kuagiza yapangwe upya, na waliofaulu wakaongezeka. Karatasi za majibu zilikuwa zile zile. Anayetaka kutumia mwaka huo lazima aseme ametumia toleo lipi, na anayetaka mstari wa miaka mingi aukate vipande kila mfumo ulipobadilika, kisha alinganishe ndani ya kipande kimoja tu. Au abaki ndani ya mwaka mmoja na kulinganisha masomo, jinsi au shule, kwa sababu hapo angalau wote walipimwa kwa rula moja.