Aunsi 8, 12 au 16? Namba kwenye glovu ya ngumi inamaanisha nini na uchague vipi

Agosti 2017, siku chache kabla ya Floyd Mayweather kupanda ulingoni na Conor McGregor mjini Las Vegas, mjadala mkubwa ulikuwa kuhusu glovu. Pambano lilikuwa la pauni 154, sawa na kilo 69.8 hivi. Kwa kanuni za jimbo la Nevada, uzito huo unataka glovu za aunsi 10. Mabondia wote wawili wakaomba watumie za aunsi 8.

Tume ya michezo ya Nevada ilikubali, kwa pambano hilo tu. Chama cha madaktari wa ulingoni kilipinga, kikisema kanuni ya usalama haifai kulegezwa kwa sababu ya pambano moja kubwa.

Kwa mtu wa kawaida, aunsi 2 si kitu. Ni gramu 57 hivi, hazifiki hata uzito wa yai kubwa. Sasa kwa nini madaktari walisimama kupinga? Jibu lake ndilo litakusaidia siku ukienda kununua glovu zako.

Namba ni uzito, siyo saizi ya mkono

Wengi wanaonunua glovu kwa mara ya kwanza huisoma namba kama ya viatu: mkono mkubwa, namba kubwa. Sivyo. Aunsi ni kipimo cha uzito, na namba iliyoandikwa ni uzito wa glovu moja, siyo ya jozi.

Aunsi 1 ni gramu 28 na ushee. Kwa hiyo glovu ya aunsi 8 ina gramu 227 hivi, ya 10 ina 283, ya 12 ina 340, ya 14 ina 397 na ya 16 ina karibu gramu 454. Ukivaa za 16 mikono yote miwili, umebeba karibu kilo nzima, na unatakiwa uinyanyue mpaka usawa wa kidevu kwa dakika 3 za raundi.

Uzito huo unaoongezeka, sehemu kubwa ni sponji. Sponji ikiwa nene, ngumi inatua kwenye eneo pana zaidi na inachukua muda mrefu kidogo kusimama. Mkono wako unaumia kidogo, na uso wa mwenzako unachanika kidogo. Ndiyo maana aunsi 2 pale Las Vegas zilizua maneno: glovu ya aunsi 8 ina sponji nyembamba na inakwenda kwa kasi zaidi.

Ila tusidanganyane. Glovu nene haizuii ubongo kutikisika. Inapunguza majeraha ya mkono na ya uso, lakini kichwa kikipigwa sana kinaumia hata kama glovu ni za aunsi 18.

Pambano na mazoezi ni vitu viwili

Kwenye ngumi za kulipwa, kanuni inayotumika sehemu nyingi ni kwamba mabondia mpaka pauni 147, yaani kilo 66.7, wanavaa aunsi 8. Kuanzia hapo kwenda juu wanavaa aunsi 10. Kwenye ngumi za ridhaa, namba za kawaida ni aunsi 10 kwa wepesi na 12 kwa wanaume wazito.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanamwona bondia wao kwenye televisheni na glovu ndogo, nao wanakwenda kununua za aunsi 10 za kuzipeleka jimu. Lakini bondia huyohuyo akiwa kambini, siku ya sparingi, yaani kupigana na mwenzake kwa mazoezi, anavaa 14 au 16. Glovu ya ulingoni ni ya kumaliza kazi usiku mmoja. Ya mazoezini ni ya kumwezesha kila mtu arudi kesho.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani liwe: glovu hizi ni za kazi gani?

Kwa begi na padi, glovu inalinda mikono yako mwenyewe. Mtu wa chini ya kilo 55 anatosheka na aunsi 10 mpaka 12. Wa kilo 55 mpaka 70, aunsi 12 ni chaguo zuri. Juu ya hapo, 14, na mtu mzito wa kilo 85 na zaidi achukue 16, kwa sababu ngumi yake inagonga begi kwa nguvu kubwa na vifundo vya vidole ndivyo vinavyolipa.

Kwa sparingi, glovu inamlinda mwenzako. Hapo panda ngazi: aunsi 14 kwa watu wepesi, 16 kwa wengi waliobaki, na 18 kwa wazito sana. Jimu nyingi kocha hakuruhusu kupanda ulingoni kwa sparingi na glovu ya chini ya 14 au 16. Anachoangalia ni sura ya kijana mwenzako.

Mkono unaingia wapi?

Saizi ya mkono nayo ina kazi, ila kwenye jambo moja tu: glovu ikukae. Chukua tepu ya fundi cherehani, zungushia kiganja cha mkono unaoutumia zaidi, juu kidogo ya kidole gumba, bila kukihesabu. Andika sentimita hizo, kisha angalia jedwali la kampuni iliyotengeneza glovu hiyo, maana kila kampuni ina kipimo chake.

Kisha jaribu ukiwa umefunga bandeji. Hii watu wanaisahau. Bandeji ya kawaida ya bondia mtu mzima ina urefu wa mita 4.5 hivi, na ikishazungushwa inanenepesha mkono. Glovu iliyokukaa vizuri dukani bila bandeji itakubana jimu.

Ukiwa umeivaa, ncha za vidole ziguse juu kabisa ndani ya glovu bila kujikunja kwa nguvu. Kunja ngumi: ifunge bila kulazimisha. Tikisa mkono: usiteleze ndani. Ikibana kidogo siyo shida, glovu mpya hulegea baada ya wiki kadhaa. Lakini vidole vikianza kufa ganzi ndani ya raundi moja, hiyo ni ndogo, iache.

Glovu inayopwaya nayo ni hatari. Ngumi inazunguka ndani, unatua vibaya, na mfupa wa kiganja ulio chini ya kidole kidogo unaweza kuvunjika. Mvunjiko huo ni maarufu kiasi kwamba madaktari wanauita kwa jina la mabondia.

Mfano: kijana wa kilo 68

Tuchukulie kijana wa Manzese, Dar es Salaam. Ana kilo 68, kiganja chake kina sentimita 19, ni chembamba. Ndiyo kwanza anaanza, na pesa yake inatosha jozi moja.

Akienda kwa uzito, begi linamtaka aunsi 12 na sparingi inamtaka 16. Anajaribu ya 16, mkono unaogelea. Muuzaji anamwambia: "Mkono wako mdogo, chukua 12, inakutosha kwa kila kitu."

Ushauri huo una nusu ya ukweli. Ya 12 inamfaa kwa begi. Kwa sparingi haimfai, kwa sababu udogo wa mkono wake haupunguzi nguvu ya kilo 68 zinazosukuma ngumi. Anayeipokea ile ngumi hajali kiganja kina sentimita ngapi. Dawa ya mkono mwembamba ni kutafuta glovu ya aunsi 16 yenye nafasi nyembamba ndani. Zipo, zikiwemo zinazotengenezwa kwa vipimo vya wanawake. Zenye kufungwa kwa kamba nazo hubana vizuri kuliko za mkanda wa kunata, ila unahitaji mtu wa kukufunga.

Basi anunue ipi kwanza? Kwa kuwa ni mgeni, kocha hatamruhusu sparingi mwanzoni. Wiki za kwanza ni miguu, begi na padi. Anunue aunsi 12 sasa, na akiba ya 16 aanze kuiweka kuanzia siku hiyo. Jozi ya sparingi ikishapatikana, isiguse begi kabisa.

Kwa nini? Begi linaua sponji. Glovu ya 16 iliyopiga begi miezi mingi bado itasoma 16, lakini mbele, pale penye vifundo, sponji imeshalala na kuwa ngumu. Mwenzako ataona namba 16 na kupokea kitu kingine kabisa.

Mtumba na namba za uongo

Hii inatuleta kwenye glovu za mtumba na zile za bei ya kutupa. Namba ni maandishi tu, na maandishi hayalindi mtu. Kuna njia mbili za kujua ukweli.

Ya kwanza ni mizani. Mwombe mwenye duka la jirani mizani ya kupimia sukari, weka glovu moja. Iliyoandikwa 16 ikisoma gramu 440 au 460, sawa. Ikisoma 370, umeuziwa 13 yenye jina la 16. Ipime ikiwa kavu, maana jasho linaongeza uzito.

Ya pili ni kidole gumba. Bonyeza kwa nguvu sehemu ya mbele, juu ya vifundo. Sponji nzima inabonyea kisha inarudi. Ukihisi vidole vya aliyevaa ndani, au sponji imegawanyika kwa mabonge, glovu hiyo imeisha hata kama ngozi bado inang'aa.

Mizani peke yake haitoshi, kwa sababu haikuambii uzito umekaa wapi. Kuna glovu zinazofika aunsi 16 kwa mkanda mpana na ngozi nzito ya kwenye kifundo cha mkono, huku mbele zikiwa nyembamba. Kwa hiyo fanya vyote viwili: pima, kisha bonyeza.

Na ukifika jimu siku ya sparingi, kabla ya kengele, mpe mwenzako glovu yako aibonyeze. Wewe bonyeza yake.